Abiria Anapoumia Ndani ya Basi: Nani Hulipa, na kwa Njia Gani

Kila gari linalotembea barabarani nchini linatakiwa kuwa na bima. Wamiliki wengi hulifahamu takwa hilo kupitia stika na ukaguzi wa askari wa usalama barabarani, na abiria wengi hulifahamu kwa mbali tu, kama jambo la mwenye gari na Serikali. Hata hivyo, bima hiyo haikuwekwa na sheria kwa ajili ya gari. Iliwekwa kwa ajili ya mtu anayeumizwa na gari. Ajali inapotokea, swali la kwanza la familia ya majeruhi huwa ni la matibabu, na la pili huwa ni hili: nani atalipa?

Jibu halifanani kwa watu wote walioumia katika ajali moja. Linategemea mtu huyo alikuwa nani katika safari ile: abiria aliyelipa nauli, mtembea kwa miguu, mfanyakazi wa basi, au mtu aliyepewa lifti katika gari la binafsi.

Msingi wa jambo hili ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kutumia gari barabarani, au kuruhusu litumiwe, pasipo kuwapo bima inayobeba dhima ya kifo au majeraha ya mwili yanayosababishwa na matumizi ya gari hilo. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho mmiliki hana hiari nacho, na ndicho watu wanachokiita bima ya mtu wa tatu, au kwa lugha ya mtaani, bima ndogo. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Mmiliki aliyekata bima ndogo hatalipwa gari lake likiharibika kwa uzembe wa dereva wake mwenyewe, lakini watu walioumizwa na uzembe huo bado wana haki ya kufidiwa kupitia bima hiyo.

Watu wanne, ajali moja

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Basi la abiria linatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Likiwa kati ya Gairo na Dumila, dereva wake anajaribu kulipita lori mahali penye kona, anakutana na gari dogo la binafsi linalokuja mbele yake, analigonga ubavuni, kisha basi linaacha njia na kumgonga mwanamke anayeuza vitunguu kando ya barabara. Watu wanne wanaumia vibaya: abiria wa basi aliyevunjika mfupa wa paja, muuza vitunguu, kondakta wa basi, na mtu aliyekuwa amepewa lifti katika gari dogo. Uchunguzi wa polisi unaonesha kwamba kosa ni la dereva wa basi.

Abiria wa basi analindwa moja kwa moja na bima ya lazima ya basi hilo. Sheria inataka gari linalobeba abiria kwa nauli liwe na bima inayowahusu abiria hao, wawe wamekaa ndani, wanapanda au wanashuka. Dereva ndiye aliyefanya uzembe, lakini alikuwa akifanya kazi ya mwajiri wake, kwa hiyo mmiliki wa basi anabeba dhima ya uzembe huo. Kampuni ya bima nayo inaibeba dhima ya mmiliki. Mnyororo ni huo: uzembe wa dereva, dhima ya mmiliki, malipo ya kampuni ya bima.

Muuza vitunguu naye analindwa na bima hiyo hiyo. Mtembea kwa miguu hahitaji kuwa na mkataba wowote na basi, wala hahitaji kuwa na bima yake mwenyewe. Yeye ndiye hasa mtu wa tatu aliyekusudiwa na sheria tangu mwanzo.

Kondakta yuko katika nafasi nyingine. Sheria haiilazimishi bima ya gari kubeba dhima ya mwajiri kwa mfanyakazi wake aliyeumia akiwa kazini. Mahali pake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huchangiwa na mwajiri na hulipa bila kuuliza ajali ilikuwa kosa la nani. Mafao yake yanajumuisha matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao, na malipo kwa wategemezi iwapo mfanyakazi atafariki. Tatizo hujitokeza pale mmiliki anapomtumia deiwaka, yaani kondakta au dereva wa kutwa asiye na mkataba wala jina katika orodha ya mishahara. Mtu huyo anapoumia, kazi ya kwanza huwa ni kuthibitisha kwamba alikuwa mwajiriwa.

Mtu wa nne ndiye anayehitaji uangalifu zaidi. Katika mfano huu, kosa ni la basi, kwa hiyo aliyepewa lifti katika gari dogo anadai kwenye bima ya basi kama mtu mwingine yeyote aliye nje ya basi hilo. Lakini hali ingegeuka iwapo gari dogo ndilo lingekuwa na kosa. Bima ya lazima ya gari la binafsi haitakiwi na sheria kuwahusu watu waliomo ndani ya gari hilo pasipo kulipa nauli. Dereva wake angeweza kushtakiwa na kuamriwa kulipa, ila kampuni ya bima isingelazimika kumlipia, isipokuwa kama mmiliki alikuwa amekata ulinzi wa ziada kwa ajili ya abiria wake. Watu wengi wanaodhani kuwa stika ya kioo cha mbele inamlinda kila aliyemo garini hawalifahamu jambo hili.

Bima hulipa dhima, hailipi ajali

Hapa ndipo madai mengi hukwama. Bima ya mtu wa tatu si akiba inayofunguliwa kwa sababu tu mtu ameumia. Ni bima ya dhima. Kampuni hulipa kile ambacho mmiliki wa gari angewajibika kukilipa kisheria, na kwa kawaida mmiliki huwajibika palipo na uzembe. Basi lililopinduka kwa sababu dereva alikuwa katika mwendo usioruhusiwa, au kwa sababu tairi kipara lilipasuka, lina uzembe ndani yake. Iwapo ajali imetokana na jambo ambalo dereva makini na mmiliki makini wasingeweza kulizuia, abiria anaweza kuumia kweli na bado asiwe na wa kumdai.

Kwa sababu hiyo, swali la nani hulipa hutanguliwa na swali la nani alikosea. Kama lori ndilo lililoligonga basi lililokuwa likienda sawasawa, abiria wa basi atadai kwenye bima ya lori, ingawa hakuwa amelipanda. Kama magari yote mawili yalikosea, abiria asiye na kosa anaweza kuwadai wamiliki wote wawili, na wao wakagawana mzigo kwa kadiri ya makosa yao. Halazimiki kungoja wamalize mvutano wao ndipo adai.

Ushahidi wa kosa hupatikana katika njia mbili. Ya kwanza ni kesi ya usalama barabarani. Dereva akitiwa hatiani, na hukumu ikawa ya mwisho, Sheria ya Ushahidi huifanya hukumu hiyo kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile. Nakala yake ni nyaraka yenye uzito mkubwa mezani mwa kampuni ya bima na mahakamani. Njia ya pili hutumika pale dereva alipofariki katika ajali hiyo au alipotoroka, hivyo kusiwe na kesi ya jinai. Dai halifi kwa sababu hiyo. Hapo taarifa ya polisi, ramani ya ajali, taarifa ya ukaguzi wa gari na maelezo ya mashahidi ndivyo vinavyobeba mzigo, na majina na namba za simu za abiria wenzake huwa na thamani kubwa kuliko mtu anavyodhani siku ya ajali.

Bima hii ni tofauti na bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa kiasi kilichokubaliwa bila kujali kosa. Wapo wasafirishaji wanaowakatia abiria wao ulinzi wa namna hiyo kwa hiari. Ni nyongeza, na haiondoi haki ya kudai kwenye bima ya lazima.

Safari ya dai la abiria

Abiria wa mfano huu aliyevunjika paja anaanza na hospitali. Hapo anakutana na ukweli mgumu: kampuni ya bima ya basi hailipi mapokezi. Gharama za mwanzo hubebwa na bima yake ya afya, na kama hana, na yeye mwenyewe, ndugu zake au mmiliki wa basi mwenye utu. Fidia huja baadaye, na huja kwa yale yanayoweza kuoneshwa. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ndiyo inayounganisha jeraha na ajali, kwa kuwa hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Majeruhi aliyekimbizwa hospitali bila fomu hiyo anatakiwa ndugu yake aifuatilie kituoni mapema, kabla miezi haijapita na kumbukumbu kupotea.

Uchunguzi ukikamilika, polisi hutoa taarifa ya mwisho ya ajali kwa fomu namba 90, PF90. Humo huandikwa magari yaliyohusika, namba za usajili na kampuni za bima. Abiria huongeza tiketi yake, ripoti ya daktari inayoeleza aina ya jeraha na kiwango cha ulemavu, stakabadhi za matibabu, na uthibitisho wa kipato. Tiketi ya kielektroniki imerahisisha sehemu moja ya kazi hii, kwa sababu huacha kumbukumbu ya jina la abiria, basi, tarehe na safari. Aliyepanda njiani na kumpa kondakta fedha mkononi hapotezi haki yake, ila atahitaji mashahidi wa kusema kwamba alikuwamo.

Kisha yafuata mahesabu. Tuseme abiria huyo ni fundi cherehani, ametumia shilingi 2,400,000 kwa upasuaji na dawa, shilingi 200,000 kwa nauli za kwenda kliniki, na amekaa miezi mitatu bila kazi iliyokuwa ikimwingizia shilingi 600,000 kwa mwezi. Hasara yake halisi ni shilingi 4,400,000. Fungu hili huitwa madhara mahususi, na Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba ni lazima yatajwe bayana na kuthibitishwa kikamilifu. Stakabadhi ya shilingi 300,000 ikikosekana, hiyo shilingi 300,000 inaweza kuondolewa hata kama kila mtu anaamini ilitumika. Fungu la pili ni madhara ya jumla: maumivu, mguu uliofupika, kushindwa kuendesha cherehani ya miguu. Hilo halina stakabadhi. Hukadiriwa kwa busara ya mahakama, na ripoti ya daktari ndiyo nguzo yake.

Dai lenye nyaraka hizo hupelekwa kwa kampuni ya bima kwa maandishi, pamoja na nakala kwa mmiliki wa basi. Madai mengi huweza kumalizikia hapo kwa maelewano. Hatari iko kwenye karatasi ya mwisho. Kabla ya kulipa, kampuni humtaka mdai asaini hati ya kukubali kwamba amepokea kiasi fulani na hana dai jingine. Hati hiyo hufunga mlango. Majeruhi anayesaini akiwa bado na chuma mguuni, kabla daktari hajaeleza kama atapona au atabaki na kilema, anauza dai asilolijua ukubwa wake.

Wasipoelewana, hatua inayofuata ni mahakama. Shauri la madai la namna hii lina ukomo wa miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo. Hukumu ikitolewa dhidi ya mmiliki, sheria inaitaka kampuni ya bima kuilipa kwa mdai, hata pale ambapo kampuni ilikuwa na haki ya kuukataa mkataba dhidi ya mteja wake. Vivyo hivyo, mmiliki akichelewa kuijulisha kampuni kuhusu ajali, ucheleweshaji huo hauwezi kutumiwa kumnyima majeruhi. Kampuni inaweza kulipa, kisha ikamrudia mmiliki kumdai ilichokilipa. Ugomvi wa wawili hao haumhusu abiria. Sharti lililopo ni kwamba kampuni iwe imejulishwa kuhusu shauri ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria. Mdai anayemshtaki mmiliki peke yake na kuisahau kampuni hadi siku ya hukumu anaweza kubaki na hukumu nzuri isiyo na mlipaji.

Iwapo abiria amefariki, haki haiishi naye. Wategemezi wake, yaani mwenzi, watoto na wazazi, wanaweza kudai hasara waliyoipata, kwa kawaida kupitia msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia inayochelewa kufungua mirathi huchelewesha pia dai.

Pale mnyororo unapokatika

Yapo mazingira ambamo mfumo huu humwacha majeruhi mikono mitupu, na yote yanaanzia kwenye gari lisilo na bima, lenye bima isiyoendana na kazi linayoifanya, au lisilotambulika. La mwisho ndilo gumu zaidi. Mtembea kwa miguu aliyegongwa usiku na gari lililotoroka, pasipo mtu kusoma namba zake, hana mmiliki wa kumshtaki wala kampuni ya kuielekea. Ndiyo maana namba ya usajili, au hata sehemu yake, ni jambo la kwanza ambalo shuhuda anapaswa kulitaja kituoni.

Gari lenye bima isiyoendana na matumizi huonekana zaidi katika usafiri usio rasmi. Gari dogo la familia lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha likageuzwa mchomoko wa kubeba abiria kwa nauli kati ya mji na mji, huwa limetoka nje ya matumizi yaliyoandikwa katika hati yake ya bima. Kampuni inaweza kudai kwamba haikuuza ulinzi kwa kazi hiyo. Pikipiki ya binafsi inayofanya kazi ya bodaboda huingia katika mtego huo huo. Mmiliki huokoa tofauti ya ada, na abiria ndiye anayebeba hatari yake pasipo kuulizwa.

Ipo pia suala la kikomo. Hati nyingi za bima huweka kiwango cha juu cha malipo kwa mtu mmoja na kwa tukio moja. Ajali ya basi lenye majeruhi 40 inaweza kukifikia kikomo cha tukio, na kinachozidi hapo kinabaki kuwa deni la mmiliki mwenyewe. Mmiliki mwenye mabasi kumi ana mali ya kukamatwa. Mwenye basi moja ambalo sasa ni chuma chakavu huenda hana.

Uhalali wa bima unaweza kujulikana kabla ya kupanda. Stika za bima sasa hutolewa kwa njia ya kielektroniki na kusajiliwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambamo namba ya usajili wa gari huonesha kama kuna bima hai, kampuni iliyoitoa na tarehe ya mwisho. Uhakiki huo unawafaa pia wamiliki, kwa kuwa stika ya bandia iliyouzwa na wakala asiye mwaminifu ni sawa na kutokuwa na bima kabisa, na mmiliki huligundua hilo siku ya ajali.

Mdai aliyewasilisha nyaraka zote na kuzungushwa bila jibu ana mahali pa kwenda kabla ya mahakama. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima hupokelewa na TIRA kama msimamizi wa soko, na pia na Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Anachotakiwa kwenda nacho ni barua ya dai yenye muhuri wa kupokelewa, orodha ya nyaraka alizoambatisha na jibu la kampuni, kama lipo. Pamoja na hayo, miaka mitatu ya ukomo wa shauri huendelea kuhesabiwa tangu siku ya ajali.